Mlinzi wa mRNA: tumzime au tumwache?

Kisiwani Sardinia, Italia, watu wengi wenye talasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa damu, wanabeba kosa lile lile moja. Jeni husomwa kwa kodoni, maneno ya herufi tatu ambayo kwa kawaida kila moja hutaja asidi amino moja ya protini. Kwenye jeni ya globini beta, mojawapo ya protini zinazounda himoglobini, kodoni ya 39 iliyopaswa kusomeka CAG, yaani asidi amino iitwayo glutamini, imegeuka TAG. Kwenye mRNA, nakala ya jeni inayosomwa ili protini itengenezwe, hiyo ni UAG, mojawapo ya kodoni tatu zinazoiamuru ribosomu, mashine ya seli inayoisoma mRNA, iache kazi. Protini iliyotakiwa kuwa na asidi amino 146 inakatika baada ya 38. Mtu angetegemea kukuta vipande hivyo vifupi vimejaa kwenye seli zinazotengeneza damu, lakini havimo. Hata mRNA yenyewe, ukiipima, karibu imetoweka.

Imeharibiwa na seli, kwa makusudi. Mfumo unaofanya kazi hiyo, huyo mlinzi wetu, hujulikana kwa kifupi NMD, na unachosaka ni mRNA ambazo kodoni yake ya kusimama imekuja mapema mno. Wanaotafuta tiba za magonjwa ya kurithi wamegawanyika juu yake. Wapo wanaouona kama kinga ya mgonjwa, na wapo wanaosema unamnyima hata kile kidogo ambacho kingemfaa, kwa hiyo uzimwe.

Kabla ya kuchagua upande, tuangalie seli inajuaje kwamba kodoni fulani imekuja mapema, maana ribosomu haina habari ya urefu ambao protini inatakiwa kuwa nao. Siri iko kwenye viungo. Jeni zetu nyingi zimeandikwa vipande vipande, yaani eksoni, na katikati yake kuna introni. Introni zikishakatwa na eksoni kuungwa, seli huacha fungu la protini karibu na kila kiungo, kama nyukleotidi, yaani herufi, 20 hadi 24 kabla yake. Ribosomu ya kwanza inayopita huyang'oa mafungu hayo moja baada ya jingine. Kodoni halali ya kusimama kwa kawaida iko kwenye eksoni ya mwisho, kwa hiyo ribosomu ikifika hapo hakuna fungu lililobaki mbele yake. Ikisimama zaidi ya nyukleotidi 50 hadi 55 kabla ya kiungo cha mwisho, fungu linabaki limekaa. Hapo UPF1, protini inayofika kwenye ribosomu iliyosimama, hukutana na UPF2 na UPF3 zilizoshikamana na fungu hilo. Kimeng'enya SMG1 huibandika UPF1 fosfeti, kisha SMG6 huikata mRNA karibu na kodoni ile, na vipande humalizwa na vimeng'enya vingine.

(Wapo walinzi wengine, wa mRNA isiyo na kodoni ya kusimama kabisa na wa ribosomu iliyokwama njiani. Hao wana vifaa vyao na hawahusiki na ubishi huu. Wala selimundu, tunayoifahamu sana Afrika Mashariki, haihusiki: kodoni ya 6 imetoka GAG ikawa GTG, asidi amino moja imebadilika, lakini protini inafika mwisho wake, na NMD haioni kasoro yoyote.)

Sasa tupige hesabu ya globini beta. Jeni hii ina eksoni tatu, na kiungo cha mwisho kiko kati ya kodoni ya 104 na ya 105. Kutoka kodoni ya 39 hadi hapo ni kodoni 65, karibu nyukleotidi 195. Huo ni umbali mkubwa kuliko 55, kwa hiyo mRNA inaharibiwa. Mtu aliyerithi kosa hili kwa mzazi mmoja anabaki na nakala moja nzima, na kwa kawaida anaishi na upungufu mdogo tu wa damu. Anayeugua sana ni yule aliyelirithi kwa wazazi wote wawili.

Mlinganishe na mtu ambaye kodoni yake ya 121 imetoka GAA ikawa TAA. Hiyo iko kwenye eksoni ya tatu, ya mwisho, na mbele yake hakuna fungu. mRNA inaponyoka, na seli inatengeneza globini yenye asidi amino 120 ambayo haiwezi kujikunja sawasawa. Inaganda ndani ya seli changa za damu pamoja na globini alfa zilizokosa wenzi, na seli hizo hufa kabla ya kukomaa. Hapa kurithi kwa mzazi mmoja kunatosha kuugua. Protini hii ni ndefu mara tatu ya ile ya kodoni ya 39, na bado madhara yake kwa mbebaji ni makubwa zaidi, kwa sababu tu mlinzi hakuiona. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote wa upande wa kwanza.

Upande wa pili nao una kesi yake, nayo inatoka kwenye sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaodhuru hasa mapafu. Protini ya CFTR, inayopitisha kloridi kwenye utando wa seli, ina asidi amino 1480. Kosa liitwalo W1282X, linalopatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, linaikata kwenye nafasi ya 1282, yaani zinakosekana 199 za mwishoni. Kipande kinachobaki si takataka. Kikiwepo kwa wingi na kikisaidiwa na dawa zinazoifungua CFTR, kinaweza kupitisha kloridi kiasi. Ila hakipatikani kwa wingi, maana baada ya kodoni hiyo kuna viungo kadhaa na NMD inaipunguza mno mRNA yake.

Jambo hilo linagusa hata dawa zinazoifanya ribosomu iiruke kodoni ya kusimama na kuendelea kusoma. Gentamisini, antibiotiki ya zamani, ina uwezo huo, ingawa ikitumiwa kwa muda mrefu inadhuru figo na masikio. Mwaka 2007 watafiti wa Yerusalemu walionyesha kwamba wagonjwa waliobakiwa na mRNA nyingi zaidi ya CFTR yenye kosa ndio walioitikia gentamisini. Kwenye seli za maabara ambazo hazikuitikia, kupunguza protini za UPF kuliongeza mRNA, na mwitikio ukaonekana. Mantiki yake iko wazi: dawa haiwezi kuisomesha ribosomu mRNA ambayo haipo. Atalureni, dawa ya kundi hilohilo, ilipata kibali cha masharti Ulaya mwaka 2014 kwa ugonjwa wa misuli wa Duchenne, ikashindwa kufikia malengo kwenye majaribio ya sistiki fibrosisi, na mwaka 2025 Tume ya Ulaya ikakataa kuendeleza kibali chake. Sisemi NMD ndiyo iliyoiangusha, lakini tiba ya aina hii isiyopima mRNA ya mgonjwa kwanza inafanya kazi gizani.

Hata hivyo, kuuzima mfumo mzima sikubaliani nako. Panya wasio na UPF1 hufa wakiwa bado viinitete. NMD pia hurekebisha kiasi cha mRNA nyingi za kawaida, makadirio yakiwa kati ya asilimia 3 na 10. Zaidi ya hayo, kila mmoja wetu, awe mzima kiasi gani, amebeba makosa mengi yanayolemaza jeni. Kumwondoa mlinzi ili kuokoa CFTR ni kuyafungulia yale mengine kwa pamoja, na baadhi yake yanaweza kuwa ya aina ya kodoni ya 121.

Njia ninayoiunga mkono ni ya kuikinga mRNA moja tu. Mwaka 2016 watafiti wa Cold Spring Harbor, Marekani, walitumia nyuzi fupi za kutengeneza zinazojibandika kwenye mRNA inayolengwa, pale ambapo fungu la protini lingekaa. Fungu likikosa mahali, mRNA hiyo inasalimika na nyingine zinaendelea kulindwa. Baadaye wameijaribu mbinu hiyo kwenye seli zenye W1282X.

Inamfaa nani? Kuna kipimo ambacho maabara nyingi za jeni zinaweza kukifanya. Kwenye DNA ya mbebaji, nakala nzima na nakala yenye kosa ziko nusu kwa nusu. Isome mRNA yake. Ikiwa nakala yenye kosa imebaki kidogo sana, kisha inapanda seli zinapowekewa saikloheksimidi, ambayo husimamisha ribosomu, basi NMD ndiyo iliyoiondoa. Hapo linabaki swali la kama kipande kitakachookolewa kina kazi. Kwa W1282X kinayo. Kwa kodoni ya 39 hakina: asidi amino 38 haziwezi kubeba oksijeni, na kuiokoa mRNA hiyo peke yake hakumsaidii mgonjwa wa Sardinia. Kwake kuna maana endapo tu ribosomu itairuka UAG hiyo, na inapoiruka mara nyingi huweka glutamini, ile ile iliyokuwepo pale kabla ya kosa.