Mkataba unasema Ujerumani, kazi iko Mtwara

"Nipo Shangani, mwajiri yuko Ujerumani, mkataba unataja sheria ya Ujerumani. Nikiachishwa?"

Kifungu hicho hakikunyimi kinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu mfanyakazi aliyeko Tanzania Bara. Hata mahakama ya Ujerumani, kwa kanuni ya Ulaya iitwayo Roma I, haikubali mkataba ukuondolee kinga za lazima za nchi unakofanyia kazi kwa kawaida. Kwa hiyo ukilipwa kwa mwezi na mkataba ukasema notisi siku 7, baada ya mwezi wa kwanza unadai 28.

Fungua shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ugumu hasa ni kukaza tuzo, yaani kumfanya mwajiri atekeleze uamuzi wa CMA: mwajiri asiye na mali hapa hakamatiki kwa urahisi, ndugu yangu.