Namba 29 zisizo na ankara: pengo kwenye ERP na swali la mkaguzi wa kodi

Mkaguzi wa kodi akipewa orodha ya ankara za mwezi, mapema kabisa huipanga kwa namba na kutafuta iliyorukwa. Ana sababu. Enzi za vitabu vya risiti vya kaboni, kila ukurasa ulikuja na namba yake kutoka kiwanda cha uchapaji, na ukurasa usipoonekana maana yake kuna mtu aliuchana. Sheria nayo imeushika mfululizo huo. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania ya mwaka 2014 inamtaka mfanyabiashara aliyesajiliwa atoe ankara yenye namba za mfululizo kupitia kifaa cha kielektroniki cha kodi. Lakini ERP, yaani programu inayoendesha mauzo, ghala na hesabu za kampuni kwa pamoja, haitoi namba kama kitabu cha risiti, na hapo ndipo mhasibu mwaminifu na mkaguzi makini wanapoweza kukaa meza moja siku nzima bila kuelewana.

Nichukue SAP, kwa kuwa ndiyo ERP inayotumika katika kampuni nyingi kubwa, na mfano niliouunda wa msambazaji wa saruji wa Dar es Salaam. Ankara zake za Julai zinaanzia namba 90004201 na kuishia 90004400. Hizo ni namba 200. Orodha aliyopewa mkaguzi ina ankara 171. Namba 29 hazimo, na mkaguzi anauliza mauzo hayo yamekwenda wapi.

Kabla ya kujibu, itazamwe orodha yenyewe ilivyotolewa. Katika mipangilio ya awali ya SAP, ankara ya kawaida (aina F2) hupata namba kutoka safu inayoanzia 90000000 hadi 99999999, na safu hiyohiyo hutumiwa na kredit noti (G2) pamoja na hati ya kufuta ankara (S1). Makampuni mengi huiweka humo hata profoma (F8), ambayo haifiki kwenye leja kabisa. Kwa hiyo aliyechuja F2 peke yake ameshatengeneza mapengo kwa mkono wake. Jambo la kwanza ni kuitoa orodha upya bila kichujio cha aina ya hati, kwa SE16N, amri ya SAP ya kusoma majedwali, kutoka VBRK, jedwali la ankara:

```
SE16N
Table: VBRK
VBELN: 0090004201 - 0090004400
FKART: (iachwe tupu)
```

Kwa msambazaji wetu zinajitokeza kredit noti 9, hati 4 za kufuta na profoma 3. Namba 16 kati ya 29 zimepata wenyewe bila ubishi, kwa sababu kila hati ipo na inafunguka. Kwa hati ya kufuta, uga wa SFAKN unaonyesha ni ankara ipi iliyofutwa, na ankara hiyo yenyewe imo bado ndani ya zile 171. Zimebaki 13, na hizi hazipo kwenye jedwali lolote.

Namba 11 kati yake zina chanzo kimoja. Hesabu ya namba za hati za mauzo inakaa kwenye kitu kinachoitwa RV_BELEG, unachokiona kwa SNRO, na safu zake zimeandikwa kwenye jedwali la NRIV. RV_BELEG ikiwekewa bafa, seva haiendi kwenye jedwali kila inapohitaji namba moja. Inachota fungu zima, tuseme namba 10, inaliweka kwenye kumbukumbu yake na kugawa kutoka humo. Kampuni yetu ina seva mbili. Ya kwanza ilichota 90004311 hadi 90004320, ya pili ikachota 90004321 hadi 90004330. Jumamosi usiku mfumo ukazimwa kwa matengenezo. Ya kwanza ilikuwa imefika 90004316, ya pili 90004323. Namba zilizobaki kwenye kumbukumbu, yaani 4 kwa seva ya kwanza na 7 kwa ya pili, zilipotea pale pale. Mfumo ulipowashwa, seva ya kwanza kuhitaji namba ilichota fungu jipya kuanzia 90004331.

Bafa huacha alama nyingine ambayo mkaguzi ataiona na kuishangaa: tarehe na saa hazifuati namba. Ankara 90004321 ilitoka asubuhi, na 90004315 ikatoka jioni ya siku hiyo. Asiyejua seva zilikuwa mbili atadhani mtu amerudisha tarehe nyuma. Kwa anayejua, mpangilio huo unaunga mkono maelezo ya bafa, maana pengo la bafa lina umbo lake. Linakaa mwishoni mwa fungu, linatokea kwa kila seva iliyokuwa imechota, na saa yake inalingana na kuzimwa kwa mfumo. Namba moja moja zilizorukwa katikati ya siku ya kazi hazina umbo hilo, na mhasibu asizibandike jina la bafa.

Mbili za mwisho ni za namna hiyo. Mtumiaji alibonyeza kuhifadhi, namba ikatolewa na kuthibitishwa, kisha hatua ya pili inayoandika hati kwenye hifadhidata ikakatika, pengine kwa nafasi kujaa au kwa kosa kwenye programu iliyoongezwa na kampuni. Namba hairudi. Hili hutokea hata bafa ikiwa imezimwa, kwa hiyo anayemwahidi mkaguzi kwamba akizima bafa hapatakuwa na pengo tena anaahidi asichoweza kutimiza. Ushahidi wake uko SM13, ambako maandishi yaliyokatika huonekana pamoja na mtumiaji, saa na kosa lenyewe.

Sasa, je, bafa izimwe? Wanaosema ibaki wana hoja. Bila bafa, kila anayetengeneza ankara anafunga mstari mmoja wa NRIV mpaka kazi yake ithibitishwe, na wengine wanasubiri nyuma yake. Kampuni inayotoa ankara kwa makundi makubwa usiku wa mwisho wa mwezi, kazi kadhaa zikienda sambamba, itaona foleni hiyo waziwazi. Na si kila mamlaka duniani inataka mfululizo usio na pengo. Agizo la VAT la Umoja wa Ulaya, 2006/112/EC, kifungu cha 226, linataka namba ya mfululizo katika safu moja au zaidi inayoitambulisha ankara bila kuchanganywa na nyingine. Ujerumani, nchi SAP ilikozaliwa, mwongozo wa serikali wa kutumia sheria yake ya VAT (14.5, aya ya 10) unasema wazi kwamba mfululizo usio na pengo si lazima.

Wanaotaka izimwe wanatazama upande wa anayebeba mzigo wa kueleza. Hoja ya Ujerumani haimsaidii mhasibu wa Dar es Salaam aliye mbele ya mkaguzi. Na msambazaji anayetoa ankara 171 kwa mwezi hapati faida yoyote ya kasi kutoka kwenye bafa. Hata kampuni ya ankara mia kadhaa kwa siku haitaihisi tofauti. Odoo, ERP nyingine, ina uchaguzi huohuo kwa mifuatano yake ya namba. `standard` hutumia mfuatano wa hifadhidata ya PostgreSQL, ambao haurudishi namba kazi ikivunjika, na `no_gap` hufunga mstari ili wengine wasichukue namba kwa wakati huohuo. Msimamo wangu ni kwamba bafa ya hati za mauzo izimwe kwa kampuni za ukubwa huo, na ibaki pale tu ambapo foleni imepimwa na kuonekana. Ila itazamwe kwanza ni safu zipi zinatumia RV_BELEG, kwa sababu oda na hati za kupeleka mzigo zimo humohumo, na uamuzi unazigusa zote.

Hata hivyo, mjadala wa bafa unaficha tatizo ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Ushahidi wa pengo hufutika haraka kuliko mkaguzi anavyofika. Maandishi yaliyokatika ya SM13 yanatawaliwa na kigezo `rdisp/vbdelete`, ambacho thamani yake ya kawaida ni siku 50. Yakipita hapo, mfumo unapowashwa huyafuta. Kumbukumbu ya mfumo ya SM21 nayo hujaa na kuandikwa upya juu ya ya zamani. Wakati huohuo, sheria za usimamizi wa kodi za Tanzania na Kenya, zote za 2015, zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Mkaguzi anayekuja mwaka wa tatu anauliza swali halali, na jibu lilikuwepo, ila liliishi wiki saba tu. Ndiyo maana maelezo yaandikwe kila mwezi, wakati wa kufunga hesabu: namba ya kwanza na ya mwisho, zilizokosekana, chanzo cha kila moja, picha ya SM13 na saa ya kuzimwa kwa seva kutoka kwa mtu wa mifumo, pamoja na sahihi zao wawili.

Mkaguzi naye asidharauliwe. Maelezo ya bafa ni mazuri mno. Mtu anayeficha mauzo angependa kuyatumia. Hivyo maelezo ya kiufundi peke yake hayatoshi, na hapa kuna ushahidi wa aina nyingine. Mfumo wa VFD wa TRA, yaani kifaa cha kodi kilicho katika umbo la programu, unatoa hesabu yake ya risiti, GC, isiyotegemea namba ya SAP. Kwa Julai, GC ya msambazaji wetu ilitoka 15602 hadi 15772 bila kuruka. Hizo ni risiti 171, sawa na ankara 171. Hilo linaonyesha kwamba kila ankara iliyopo ilifika TRA. Halionyeshi kwamba hakuna mzigo uliouzwa bila ankara, na kuuchukulia mfululizo wa GC kama kinga kamili ni kosa ninalolisikia mara kwa mara.

Mzigo unaulizwa ghalani. MB51 kwa mwendo wa aina ya 601 inatoa kila mfuko wa saruji uliotoka kwa ajili ya mteja. VF04 inaonyesha mizigo iliyotoka na bado haijaankariwa. Mifuko iliyotoka, ukitoa iliyorudishwa na inayosubiri ankara, ikilingana na mifuko ya kwenye ankara za kipindi, namba 13 zilizopotea hazina mzigo wa kuzibeba. Kwa miaka ya nyuma ambayo SM13 yake imeshafutwa, hesabu hii ndiyo njia imara iliyobaki, kwa sababu hati za ghala hazifutwi baada ya siku 50. Na ikiwa mifuko hailingani, mhasibu aache kuzungumzia safu za namba na aanze kutafuta mzigo.