B2 ya Kijerumani inasema muuguzi anaweza kufanya nini hasa?

Wauguzi wengi wa Kenya na Tanzania wanaojifunza Kijerumani wana lengo moja: B2. Hicho ndicho kiwango ambacho mamlaka za Ujerumani kwa kawaida hukidai kabla ya kumtambua rasmi muuguzi aliyesomea nje. Wapo wanaosema ukiwa nacho umeiva, nenda kazini. Wapo pia wanaosema ni karatasi tu, kwa sababu wamewaona wenye vyeti wakikwama wodini wiki ya kwanza. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande umeshika jambo la kweli. Tatizo ni kwamba ni wachache waliofungua maelezo yenyewe ya B2 wakasoma yanaahidi nini.

Viwango hivi, kuanzia A1 hadi C2, vimo katika mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Havihesabu miezi uliyokaa darasani wala sura za sarufi ulizomaliza. Kila kiwango kimeelezwa kwa sentensi zinazosema mtu anaweza kufanya nini, na zimepangwa kwa kila stadi peke yake: kusikiliza, kusoma, kuzungumza na wenzake, kueleza jambo kwa mdomo, na kuandika. Nguvu ya mfumo iko hapo, na wanaoubeza hawaitendei haki sehemu hii. Kabla yake, mtu akisema "Kijerumani changu ni cha kati", kila chuo kilimwelewa kivyake.

Tazama kusikiliza. Mwenye A2 anashika jambo kuu katika tangazo fupi, lililo wazi na rahisi. Mwenye B1 anafuata mambo makuu ya maongezi kuhusu kazi, shule au mapumziko, mradi lugha iwe sanifu na itamkwe wazi. Anaweza kuelewa kiini cha vipindi vingi vya redio, lakini msemaji awe wa taratibu kiasi. Mwenye B2 anafuata hotuba ndefu na hoja zenye mizunguko ikiwa mada anaifahamu kiasi, na anaelewa taarifa nyingi za habari za televisheni. Angalia kinachobadilika kati ya ngazi hizi. Msamiati unaongezeka, ndiyo, lakini zaidi masharti yanalegea: kasi, uwazi, ugeni wa mada. Ukiyaruka masharti hayo unaposoma, unabaki na sifa tupu.

Sasa tuingie wodini. Ni saa ya kupokezana zamu. Wauguzi wanne au watano wanapeana taarifa za wagonjwa kwa haraka, wanakatishana maneno, wanatumia vifupisho, na pengine wawili kati yao wanaongea lahaja ya Bavaria au ya Swabia. Mfumo unasema nini kuhusu mtu wa B2 katika hali kama hiyo? Toleo la 2001 lina kipengele kinachohusu kusikiliza wenyeji wa lugha wakiongea wao kwa wao, na jibu lake ni la wazi: kwa bidii kidogo, mtu wa B2 anaweza kushika mengi ya yanayosemwa karibu naye, lakini huenda akapata shida kushiriki vizuri ikiwa wasemaji ni kadhaa na hawarekebishi lugha yao kwa ajili yake.

Kwa hiyo muuguzi anayekwama kwenye kupokezana zamu hajadanganya mtihani, na cheti chake si feki. Amefika pale pale ambapo maelezo ya kiwango chake yalisema atapata shida. Aliyekisoma vibaya kiwango hicho ni mwajiri aliyedhani B2 ni ruhusa ya kuachwa peke yake katikati ya maongezi ya watu watano.

Lakini wakosoaji nao wana hoja nzito, nayo inahusu mtihani. Chukua ule wa B2 wa Goethe-Institut. Una sehemu nne, na kila moja inataka alama 60 kati ya 100. Katika kuzungumza, watahiniwa huingia wawili wawili. Kila mmoja hutoa hotuba fupi aliyopewa muda wa kuiandaa, kisha wanajadili mada fulani. Katika kusikiliza, kila kitu kinatoka kwenye rekodi, na sehemu nyingine zinasikilizwa mara mbili. Huu ni mtihani mzuri kwa kile unachopima. Haupimi kudakia maneno watu wakiongea kwa pamoja, wala kumkatisha mwenzako kwa adabu ili kuuliza dozi uliyoisikia nusu. Maelezo ya mfumo ni mapana kuliko dakika chache za chumba cha mtihani, na cheti kinabeba jina la kiwango kizima.

Ipo pia hoja ya msingi zaidi. Ngazi hizi zilipangwaje? Katika miaka ya 1990 huko Uswisi, watafiti Brian North na Günther Schneider waliwataka walimu wawapime wanafunzi wao kwa kutumia sentensi za uwezo, kisha wakatumia takwimu kujua sentensi ipi ni ngumu kuliko ipi. Ni kazi makini. Hata hivyo, ngazi iliyopatikana inaonyesha jinsi walimu wanavyouona ugumu. Haitokani na kufuatilia mwanafunzi mmoja mmoja akipanda kutoka A1 kwenda juu. Mtafiti wa Uholanzi Jan Hulstijn amelisema hili waziwazi, na ameonyesha pia kwamba ngazi za juu huchanganya lugha na elimu. Kuandika insha yenye hoja zilizopangwa, kama B2 inavyotaka, ni kazi ambayo hata mzaliwa wa lugha asiyesoma sana huiona ngumu. Muuguzi anaweza kufeli kuandika B2 ilhali anamtuliza mgonjwa kwa Kijerumani safi.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa mfumo dhidi ya namna unavyotumiwa. Mfumo wenyewe haukuwahi kudai kwamba mtu ana kiwango kimoja. Unaruhusu, hata unatarajia, mtu awe B2 katika kusoma, B1 katika kuzungumza na A2 katika kuandika. Toleo la nyongeza la 2020 lilikwenda mbali zaidi likaweka maelezo ya kina ya upatanishi, yaani kuchukua habari kwa mtu mmoja na kumfikishia mwingine aielewe. Kwa muuguzi anayeieleza familia maneno ya daktari, hiyo ndiyo stadi ya kila siku, na cheti cha kawaida hakiigusi.

Mwajiri anayetaka kujua ukweli aombe alama za kila sehemu. Aliyepata 92 katika kusoma na 61 katika kusikiliza anahitaji wiki za mwanzo tofauti na aliyepata kinyume chake. Wa kwanza atafaidi kupewa taarifa ya zamu kwa maandishi na mwenzake mmoja wa kumrudia maneno. Wa pili anahitaji mtu wa kumkagulia anachoandika kwenye faili la mgonjwa. Naye mwanafunzi aliye Nairobi au Dar es Salaam, akishafaulu mtihani, atumie miezi ya kusubiri viza kusikiliza maongezi ya watu watatu au wanne wasiosubiriana, bila kurudisha nyuma rekodi, kisha ajaribu kuingilia kwa swali moja. Zoezi hilo litamtesa mwanzoni, na hakuna sehemu ya mtihani inayolipa alama.