Fedha ziliongezeka, bei zikatulia: jibu la mfano kwa swali la takwimu, Marekani 1978–1983

Swali. "Jedwali linaonesha ukuaji wa ujazi wa fedha (M2), mfumuko wa bei na riba nchini Marekani, 1978 hadi 1983. Kwa kutumia takwimu hizi na maarifa yako ya uchumi, pima hoja kwamba mfumuko wa bei husababishwa na ukuaji wa ujazi wa fedha. (Alama 20)"

| Mwaka | Ukuaji wa M2 (%) | Mfumuko wa bei (%) | Riba (%) |
|---|---|---|---|
| 1978 | 7.5 | 7.6 | 7.9 |
| 1979 | 7.9 | 11.3 | 11.2 |
| 1980 | 8.6 | 13.5 | 13.4 |
| 1981 | 9.7 | 10.3 | 16.4 |
| 1982 | 8.6 | 6.2 | 12.3 |
| 1983 | 11.4 | 3.2 | 9.1 |

*M2 imepimwa Desemba hadi Desemba. Mfumuko na riba ni wastani wa mwaka. Riba ni ile ambayo mabenki hutozana yanapokopeshana kwa usiku mmoja.*

Jibu. Kuanzia 1978 hadi 1980 fedha na bei zilipanda pamoja, na wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika kwamba hoja imethibitika. Lakini angalia ukubwa wa mabadiliko. Ukuaji wa M2 ulipanda kwa takriban pointi moja tu, kutoka 7.5 hadi 8.6, wakati mfumuko ulipanda kwa karibu pointi sita. Hata kama fedha ndicho chanzo, ongezeko dogo la miaka hiyohiyo haliwezi kueleza mruko mkubwa kiasi hicho.

Kisha mambo yanageuka. Mwaka 1981 M2 iliongeza kasi, mfumuko ukashuka. Mwaka 1982 vyote viwili vilishuka. Mwaka 1983 M2 ilikua kwa asilimia 11.4, kiwango kikubwa kuliko vyote katika jedwali, na mwaka huohuo mfumuko ulikuwa mdogo kuliko vyote. Jibu lisiloushughulikia mstari huu wa mwisho halijajibu swali, kwa sababu hapo ndipo hoja inapojaribiwa kwa kweli.

Mtetezi wa hoja ana jibu zuri, na ni haki alipewe nafasi. Fedha hazipandishi bei siku zinapoingia mikononi mwa watu. Hupita mwaka mmoja, miwili au zaidi kabla hazijageuka kuwa manunuzi, kisha maagizo ya viwandani, kisha bei mpya dukani. Kwa hiyo mfumuko wa 1980 usilinganishwe na fedha za 1980 bali na za miaka iliyotangulia jedwali. Ukirudi nyuma, unakuta kwamba M2 ilikua kwa takriban asilimia 13 mwaka 1976 na asilimia 10 mwaka 1977. Miaka mitatu baadaye mfumuko ukafika 13.5. Inapendeza, na mwanafunzi anayeleta ushahidi huu kutoka nje ya jedwali anastahili alama.

Lakini kanuni ya kuchelewa ikikubaliwa kwa kurudi nyuma, lazima ikubaliwe kwa kwenda mbele pia. M2 ilikua kwa kati ya asilimia 8 na 12 kila mwaka kuanzia 1980 hadi 1983. Kwa kipimo kilekile cha miaka mitatu, mfumuko wa 1983 hadi 1986 ungepaswa kuwa mkubwa. Haikuwa hivyo: mwaka 1984 ulikuwa asilimia 4.3 na mwaka 1986 ulikuwa chini ya 2. Kuchelewa kunaeleza nusu ya kwanza ya jedwali, kunashindwa katika nusu ya pili. Hapo ndipo nguvu ya utetezi huu inapoishia, na hatuna budi kutafuta kitu ambacho jedwali halikuonesha.

Kitu hicho ni kasi ya mzunguko wa fedha, yaani mara ngapi shilingi moja, au hapa dola moja, inabadilisha mikono kwa mwaka katika kulipia pato la taifa. Mlinganyo ni huu, ambapo M ni ujazi wa fedha, V ni kasi hiyo, P ni kiwango cha bei na Y ni pato halisi:

M × V = P × Y

Kwa viwango vya ukuaji, ongezeko la fedha likijumlishwa na badiliko la kasi hukaribia kulingana na mfumuko ukijumlishwa na ukuaji wa pato halisi. Tuujaze kwa miaka miwili. Mwaka 1981 pato halisi la Marekani lilikua kwa asilimia 2.5. Upande wa kulia unakuwa 10.3 + 2.5, yaani 12.8. Fedha zilikua kwa 9.7, kwa hiyo kasi ilipanda kwa karibu 3. Mwaka 1982 pato halisi lilipungua kwa asilimia 1.8. Upande wa kulia unakuwa 6.2 − 1.8, yaani 4.4. Fedha zilikua kwa 8.6, kwa hiyo kasi ilishuka kwa karibu 4. Ni makadirio, maana tumetumia bei za walaji badala ya bei za pato zima, lakini ujumbe wake hauna utata: katika mwaka mmoja tu kasi ilitoka kupanda kwa asilimia tatu hadi kushuka kwa asilimia nne.

Hoja ya fedha na bei inasimama juu ya dhana kwamba V hutulia, au angalau hubadilika kwa namna inayotabirika. Hapa haikutulia, na sababu yake inapatikana kwenye safu ya riba. Riba inapopanda, kukaa na fedha taslimu au amana isiyozaa ni hasara, hivyo watu huzipunguza na kila dola inafanya kazi zaidi. Riba na mfumuko vinaposhuka, watu huridhika kukaa na fedha.

Kuna na jambo la kihesabu tu, nalo ndilo ningependa kila mtahiniwa alijue kuhusu mwaka 1983. Mnamo Desemba 1982 mabenki ya Marekani yaliruhusiwa kutoa aina mpya ya akaunti, ambayo riba yake ilikwenda na soko na mwenye akaunti aliweza kuchukua fedha zake kwa urahisi. Watu walihamishia humo mabilioni waliyokuwa wameyaweka kwingine, zikiwemo dhamana za muda mfupi za serikali. Dhamana hazihesabiwi ndani ya M2, akaunti zile zinahesabiwa. M2 ikavimba bila mtu kuwa tajiri zaidi wala kuwa na hamu mpya ya kununua. Sehemu ya ile 11.4 ni akiba ya zamani iliyobadilishiwa jina.

Sasa turudi kwenye riba yenyewe. Hapa kuna kosa ninalokutana nalo kila ninaposahihisha: mwanafunzi anaona riba na mfumuko vikipanda pamoja kutoka 1978 hadi 1980, anaandika kwamba riba kubwa ilileta mfumuko, au kwamba riba kubwa haikufaa kitu. Toa mfumuko kwenye riba kwanza. Mwaka 1978 riba halisi ilikuwa 0.3. Mwaka 1979 ilikuwa −0.1, na 1980 ilikuwa −0.1 tena. Anayekopa kwa asilimia 13.4 wakati bei zinapanda kwa 13.5 amekopa bure. Riba ilikuwa inaukimbiza mfumuko tu. Mwaka 1981 riba halisi ilifika 6.1, mwaka 1982 ikawa 6.1, na 1983 ikawa 5.9. Tazama mwaka 1983 vizuri: riba ya kutajwa ilishuka hadi 9.1, na asiyetoa mfumuko atadhani sera ililegezwa kabisa, ilhali mkopaji alikuwa anabanwa karibu sawasawa na mwaka 1981.

Mbano huo ulikuwa wa makusudi. Paul Volcker, aliyeshika uongozi wa benki kuu ya Marekani Agosti 1979, alitangaza tarehe 6 Oktoba mwaka huo kwamba benki itadhibiti akiba za mabenki na kuiacha riba iende itakakokwenda. Ikaenda. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulivuka asilimia 18 mwaka 1981. Wajenzi wa nyumba waliokosa wateja walikata vipande vya mbao za ujenzi, wakaandika malalamiko yao juu yake na kuvituma kwa posta hadi benki kuu. Kufikia mwisho wa 1982 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10.8. Mtu asiye na kazi hanunui, mwenye duka hathubutu kupandisha bei, mfanyakazi hadai nyongeza kubwa. Njia hii inaeleza kushuka kwa mfumuko kuliko safu ya M2 inavyoweza.

Mafuta yana sehemu yake pia. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yalipandisha bei ya mafuta ghafi zaidi ya maradufu, na kuanzia 1981 ilianza kulegea. Hilo linafaa kutajwa kama sababu ya mfumuko kuruka 1979 na 1980, lakini lisibebeshwe mzigo wote, kwani mfumuko ulikuwa tayari 7.6 kabla ya mapinduzi hayo.

Kwa uamuzi wangu, takwimu hizi hazivunji hoja kwamba fedha nyingi zikiendelea kwa miaka mingi huishia kwenye bei, maana miaka sita ni michache mno kwa kesi hiyo. Zinachovunja ni matumizi ya ukuaji wa M2 kama kipimo cha kubashiri mfumuko wa mwaka kesho. Benki kuu ya Marekani yenyewe iliacha kufuata kwa ukaribu shabaha yake ya ujazi wa fedha Oktoba 1982. Msomaji wa Tanzania ana mfano wa nyumbani: Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza sera kwa ujazi wa fedha na kuanza kutumia riba ya benki kuu, ikianzia asilimia 5.5.

Nakala inayotaka alama za juu itaje pia kile ambacho wastani wa mwaka unaficha. Mwaka 1980 unaonekana kuwa mwaka wa riba ya 13.4. Ndani yake, riba ilikuwa takriban asilimia 17.6 mwezi Aprili, ikaanguka hadi 9 mwezi Julai, kisha ikapanda hadi kufika 19 Januari 1981. Benki ilikaza, ikaogopa, ikalegeza, ikakaza tena. Mfanyabiashara aliyeona riba ikianguka Julai alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mapambano yamekwisha na kupanga bei zake kwa imani hiyo. Kwa hiyo mfumuko wa 13.5 wa mwaka ule hauwezi kusomwa kama majibu ya riba ya 13.4, kwa sababu hakuna aliyekopa kwa riba hiyo mwaka mzima.