Ubao wa kazi: njia ya mtu, ya kipengele au ya dharura?

Timu nyingi zikifungua ubao wa Jira huchagua njia za mlalo kwa jina la mtu, yaani `Assignees`. Sababu ni ya kweli: kila mmoja aione kazi yake asubuhi, na aliyelemewa aonekane mara moja. Timu ikiwa na watu wapya, mpangilio huo husaidia.

Lakini tazama timu ya watu wanne yenye kadi 12. Kila mtu ana kadi moja iliyokwisha, moja anayoifanya na moja inayosubiri kukaguliwa. Ubao umetulia, hakuna aliyezidiwa. Sasa zipange kadi hizohizo kwa kipengele. Malipo kwa simu: mbili zimekwisha, moja inafanywa, moja inasubiri ukaguzi. Ripoti ya mwezi: moja imekwisha, mbili zinafanywa, moja inasubiri. Usajili wa wateja: moja imekwisha, moja inafanywa, mbili zinasubiri. Vipengele vitatu vimeanzwa, na hakuna hata kimoja ambacho mteja anaweza kukabidhiwa leo. Hilo njia za watu haziwezi kulionyesha.

Zinaficha pia foleni ya ukaguzi. Kadi inakaa kwenye mstari wa aliyeandika msimbo, wakati anayesubiriwa ni mwenzake. Zikigawanywa, kadi nne zinazosubiri huonekana moja moja na hazimshtui mtu. Zaidi ya hapo, picha ya mhusika tayari iko juu ya kadi, kwa hiyo mstari wa jina unarudia kinachojulikana. Anayetaka kuona zake tu aweke kichujio:

```
assignee = currentUser()
```

Kwa njia za vipengele hatua ya leo inajionyesha: ukaguzi wa malipo utangulie, na atakayemaliza kadi yake asaidie ile iliyobaki ya malipo kabla ya kuanza kazi mpya. Gharama yake ni kwamba mtu mwenye kadi tatu katika njia tatu haonekani kirahisi. Hitilafu ndogo zisizo na kipengele nazo hukusanyika katika njia ya chini kabisa, ambayo mkutano wa asubuhi mara nyingi huishia kabla ya kuifikia. Anzeni kusoma ubao kutoka huko angalau mara moja kwa wiki.

Dharura inastahili njia moja tu, juu kabisa, ubao ukiwa umepangwa kwa `Queries`:

```
priority = Highest
```

Kadi huingia katika njia ya kwanza inayolingana nayo, hivyo mpangilio wa njia una uzito. Kubalianeni kadi moja kwa wakati mmoja. Zikifika tano, njia hiyo haielezi tena kipi kitangulie, na inaficha kadi za kawaida zilizoachwa katikati ili kuipisha. Angalieni siku ambazo kadi hizo zimekaa bila kusogea.