Baba Chausiku wa Mibonyezo 26

Jamani, kitochi kimeniaibisha leo mbele ya mtaa mzima.

Nimetoka mkutanoni sasa hivi. Tumemaliza ya taka na ya mtaro, kasimama kijana wa kujitolea, "Shikamooni wazee wangu," eti anatufundisha simu. Mimi! Niliyekuwa nabipu yeye hajazaliwa.

Kasema kila namba iwe na jina. Ikija ile "hela tuma kwenye namba hii" na jina la mwanao halikutokea, usitume, kwanza mpigie kwa namba uliyoihifadhi. Hapo nilinyamaza. Mwezi uliopita… basi tu.

Halafu akaniona. "Babu, tumhifadhi jirani yako." Baba Chausiku huyo hapo ubavuni, ananukia kahawa. Namba ikaingia vizuri, tarakimu kumi. Kasheshe ni jina. B iko kwenye 2, unabonyeza mara mbili. A nayo iko kwenye 2 hiyohiyo! Nikabonyeza, B ikageuka C. Nikabonyeza tena, ikawa 2. "Subiri babu, kale kamstari kasogee ndipo ubonyeze inayofuata." Nikasubiri. Nikasubiri mpaka taa ya simu ikazima. Wazee wanahesabu kwa sauti kama wako kwenye mpira. Neno lenyewe Baba, herufi zote nne zinakaa chumba kimoja, kila moja mpaka uisubiri itoke! Nafasi ni 0. Chausiku ana S yake, hiyo peke yake 7 mara nne. Kijana kapiga hesabu: mibonyezo 26. Ishirini na sita, kwa mtu ninayemwita dirishani kwa kukohoa!

Ikauliza: simu au laini? Nikasema simu, si ndiyo nimeishika? Akasema chagua laini, babu, ukihamia kitochi kingine jina unahama nalo. Ila laini haipendi majina marefu, ndiyo maana "Fundi wa pale sokoni wa baiskeli" ilikatika. Kumbe! Ninao mafundi watatu mle, mmoja wa cherehani, na juzi nilimgombeza kuhusu spoku.

Mama mmoja kauliza ya mwanawe aliye Omani. Akaambiwa namba yetu ukiianza na +255, ile sifuri ya mbele inatoka. Mama kataka kujua inakwenda wapi.

"Haya babu, mpigie tujaribu." Nikapiga. Simu ya Baba Chausiku ikalia mfukoni, kijana kaichukua awaonyeshe watu jina linavyotokea, akasoma kwa sauti: "NYUNDO."

Ukumbi ukavunjika.

Nyundo! Miaka yote ya ujirani, misiba tumezika pamoja, nimehifadhiwa kwa jina la nyundo niliyoazima. Na nyundo yenyewe ilikuja kwangu mpini umelegea, mpini nimetia mimi, mti wa mpera, nimekaa nauchonga siku mbili kwenye baraza lake mwenyewe, na chai hakunipa.