Kosa Linaloipita Tarakimu ya Uhakiki

Anayenakili namba ndefu kwa mkono hukosea hasa kwa njia mbili: huandika tarakimu moja isiyo sahihi, au hupindua mbili zilizopakana, 72 ikawa 27. Tarakimu ya uhakiki, ambayo kwa kawaida huwekwa mwishoni mwa namba, inakusudiwa kunasa makosa hayo kabla hayajaingia kwenye kumbukumbu. Kanuni iliyoundwa vizuri hunasa kosa la kwanza kila mara. La pili linategemea kanuni iliyotumika, na kwa maoni yangu kanuni inayotosha kwenye msimbopau haitoshi kwenye namba ya utambulisho wa mtu.

Tuchukue msimbopau wa tarakimu 13 ambao 12 za mwanzo ni 205721846491. Kuanzia kushoto, tarakimu huzidishwa kwa 1 na kwa 3 kwa kupokezana. Zinazozidishwa kwa 1, yaani 2, 5, 2, 8, 6 na 9, zinatoa 32. Zinazozidishwa kwa 3, yaani 0, 7, 1, 4, 4 na 1, zina jumla ya 17, na mara 3 ni 51. Jumla ni 83, inayohitaji 7 ili ifike 90 na igawanyike kwa 10 bila baki. Basi namba kamili ni 2057218464917. Mtu akiandika 9 mahali pa ile 6, jumla inakuwa 93, na mashine inaikataa. Akipindua 46 kuwa 64, inakuwa 94, nayo inakataliwa. Lakini akipindua 72 kuwa 27, jumla inashuka kwa 10 kamili, kutoka 90 hadi 80, na namba isiyo sahihi inapita kana kwamba ni sahihi.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuchagua vizidisho vingine. Haiwezekani, na sababu yake ni nyepesi. Kizidisho kikiwa 2, kosa la kuandika 6 mahali pa 1 linabadili jumla kwa 10 na halionekani. Kikiwa 5, hali ni hiyo hiyo kwa tarakimu zinazotofautiana kwa 2. Vizidisho salama ni 1, 3, 7 na 9 tu, vyote witiri, na tofauti kati ya witiri mbili ni shufwa. Shufwa ikizidishwa kwa 5 lazima igawanyike kwa 10. Kwa hiyo, maadamu tunajumlisha na kugawanya kwa 10 kwa namna hii, tarakimu zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6 au 3 na 8, zikipinduliwa zitapenya, na hizo ni jozi 10 kati ya 90.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja ya kweli. Msimbopau husomwa na skana, na skana haipindui tarakimu kama kidole kinavyofanya. Mtu huandika namba kwa mkono pale tu mistari inapokuwa imechakaa. Hata kosa likipita, jina la bidhaa hutokea kwenye skrini, na aliyeishika mkononi anaona kwamba silo.

Namba ya utambulisho haina kinga hiyo. Husomwa kwa simu, huandikwa kwenye fomu, kisha huingizwa na mtu mwingine ambaye hamwoni mwenyewe, na ikiwa namba zimetolewa kwa mfululizo, iliyopinduliwa inaweza kuwa ya mtu mwingine aliye hai. Hapa ingefaa kugawanya kwa 11, kama namba za vitabu za ISBN zenye tarakimu 10 zilivyofanya hadi mwisho wa mwaka 2006: kwa kuwa 11 ni namba tasa, hakuna upinduaji unaopenya. Gharama yake ni kwamba mara nyingine tarakimu ya uhakiki hutoka 10, ikabidi kuandika herufi X, na fomu nyingi zinazopokea tarakimu tupu huikataa. Mholanzi Jacobus Verhoeff alionyesha mwaka 1969 kwamba X si lazima: alitumia jedwali ambamo kubadili mpangilio hubadili jibu, na tarakimu 10 za kawaida zikatosha kunasa makosa yote mawili. Namba ya utambulisho ya India iitwayo Aadhaar, yenye tarakimu 12, hutumia kanuni yake. Pingamizi kwamba karani hawezi kuikokotoa kichwani lilikuwa na uzito zamani. Leo ukaguzi hufanywa na kompyuta, na jedwali lenyewe ni dogo.

Pamoja na hayo, hata kanuni ya Verhoeff isitwishwe kazi isiyo yake. Tarakimu 12 zilizobuniwa ovyo zina nafasi moja kati ya 10 ya kupita, na mwenye nia mbaya anaweza kukokotoa tarakimu ya mwisho mwenyewe. Namba iliyopita ukaguzi imeonyesha kwamba huenda imenakiliwa vizuri. Kama ipo kwenye daftari, na kama ni ya huyu aliyeitaja, hayo huulizwa kwenye daftari lenyewe.